Lebo ya chandarua si cheti cha dawa: dhana potofu ninazokutana nazo kwenye picha za simu

Kazi yangu ni udhibiti wa mbu, na simu yangu imejaa picha za lebo. Wanaotuma huuliza kitu kimoja: "Hiki kina dawa?" Wiki iliyopita mama mmoja alinitumia picha ya lebo ya chandarua alichotoka kununua, akaandika chini yake: "Afisa, muuzaji kasema ni kikali, kimeandikwa mia moja." Nimeijibu hiyo mia moja mara nyingi mno. Safari hii naandika kwa kirefu.

Dhana: lebo ikiwa na namba kubwa, chandarua kina dawa nyingi.

Lebo ya yule mama ilisomeka hivi:

```
MOSQUITO NET
100% POLYESTER
100 DENIER   MESH 156
180 x 160 x 150 cm
```

Namba zimejaa, lakini hakuna hata moja inayozungumzia dawa. Ile `100%` inasema nyuzi zote ni za poliesta. `100 DENIER` ni unene wa uzi: mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 100. `MESH 156` ni idadi ya matundu katika inchi moja ya mraba. Hiki ni kitambaa cha kuzuia mbu asipite, basi. Mkono wa mtoto ukiegemea ukuta wake usiku, mbu atatua upande wa nje na kuuma kupitia tundu, kisha ataruka mzima.

Dawa ikiwepo, lebo huitaja kwa jina. Siku hiyohiyo nilimwomba mama aulize duka jirani, akanitumia picha ya pili:

```
LONG LASTING INSECTICIDAL NET
DELTAMETHRIN 1.8 g/kg (55 mg/m2)
100% POLYESTER   75 DENIER
190 x 180 x 150 cm
```

Hapo mstari wa pili ndio wenye jibu. Ninachotafuta kwenye picha yoyote ni jina la dawa likifuatiwa na kiasi chake. Majina yako machache: `DELTAMETHRIN`, `PERMETHRIN`, `ALPHA-CYPERMETHRIN`. Maneno ya kuvutia juu ya pakiti, picha ya familia iliyolala na mbu aliyekatwa mstari mwekundu havitoshi. Hata maneno `LONG LASTING` yakisimama peke yake hayatoshi, maana yanaweza kusifu uimara wa kitambaa tu.

Mama akarudi na swali zuri: "Mbona dukani kipo kingine cha deltamethrini, kimeandikwa 1.4 na denia mia? Hiki cha 1.8 si ndiyo kikali zaidi?" Hapana. Kiasi hicho ni gramu za dawa kwa kila kilo ya kitambaa, na vitambaa hivyo viwili havina uzito sawa. Mita moja ya mraba ya denia 75 ina gramu 30 hivi, ya denia 100 ina gramu 40 hivi. Zidisha 1.8 kwa 30, unapata miligramu 54, zidisha 1.4 kwa 40, unapata 56. Mbu anayetua juu ya chandarua chochote kati ya hivyo viwili anakutana na dawa ileile, takriban miligramu 55 kwa mita ya mraba. Tofauti iko kwenye uzi: wa denia 100 ni mnene zaidi, na kwa kitanda chenye misumari na kona kali mimi huuchagua huo. Kwa hiyo linganisha kipimo cha `mg/m2` kama kimeandikwa, na usilinganishe `g/kg` kabla hujatazama denia.

Pia usilinganishe kiasi cha dawa moja na cha nyingine. Permethrini huwekwa kwa gramu 20 kwa kilo, na hiyo haifanyi iishinde deltamethrini mara kumi. Ni dawa tofauti, na kila moja ina kipimo chake.

Ukiona majina mawili kwenye lebo, usidhani kiwanda kimekosea. Mbu wa sehemu nyingi wamezoea dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ndizo hizo tatu nilizotaja. `PBO` ikiongezwa, yenyewe haiui mbu. Inazuia vimeng'enya anavyotumia kuivunja dawa mwilini. `CHLORFENAPYR` ni dawa ya pili inayoua kwa njia nyingine kabisa, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya mchanganyiko huo kwa maeneo yenye mbu sugu. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua chenye majina mawili.

Dhana: kitanda cha tano kwa sita, chandarua chochote cha "dabo" kitaenea.

Hapa lebo ya godoro na ya chandarua zinatumia vipimo tofauti, na watu wanazisoma kama ndugu. Godoro la mama lilikuwa na `5 x 6 x 8`: mbili za kwanza ni futi, ya tatu ni inchi za unene. Kwa sentimita ni 152 kwa 183, unene 20. Chandarua chake cha kwanza kina paa la 180 kwa 160. Urefu umepungua sentimita 3 kwa godoro, na upana umezidi kwa sentimita 4 tu kila upande. Kitachomekewa kwa kuvutwa, kuta zitalala juu ya miguu ya watu, na kwa kuwa hakina dawa, mbu watauma.

Cha pili, 190 kwa 180, kinabakiza sentimita 14 kila upande wa ubavuni na 3 na nusu kichwani na miguuni. Kimo cha 150 toa 20 za unene wa godoro na 30 za kuchomekea chini; unabaki na mita moja ya kukaa. Lakini kwa kitanda cha sita kwa sita, chandarua hichohicho ni kifupi kwa upana. Pima godoro kwa futi kamba kabla ya kutoka nyumbani.

Dhana: cha bluu ndicho chenye dawa. Rangi ni rangi. Vyeupe vyenye dawa vipo tele, na vya bluu visivyo na dawa vipo pia.

Dhana: harufu ikiisha au kikifuliwa mara moja, dawa imekwisha. Haya ni mazoea ya enzi za kuchovya chandarua nyumbani. Chandarua cha dawa ya kudumu hupimwa kiendelee kufanya kazi baada ya kufuliwa angalau mara 20 maabara, na baada ya miaka 3 nyumbani. Kifue kwa maji ya baridi na sabuni ya kipande, kianike kivulini.

Sasa picha yenyewe. Usinitumie pakiti. Nataka lebo iliyoshonwa kwenye pindo, pande zote mbili, imenyooshwa juu ya meza karibu na dirisha, bila mwanga wa simu kwa sababu lebo inang'aa na namba zinapotea. Ukikuta imekatwa, vipimo utavipata kwa futi kamba, lakini dawa siwezi kuiona kwenye picha ya kitambaa, wala mtu mwingine hawezi. Na hata lebo safi inasema kilichowekwa kiwandani. Haisemi kilichobaki baada ya miaka minne ya kuanikwa juani.

Mama alirudisha kile cha kwanza siku hiyohiyo, kikiwa bado kwenye mfuko.