Je, sauti ya mvua ya kulalia kutoka kwenye spika lazima iwe kubwa?

"Spika ikilia mvua kwa nguvu karibu na mto wa kulalia, si ndiyo itafukuza kelele za nje?"

Haizifukuzi. Inapunguza tofauti kati ya ukimya na mlio wa ghafla, na tofauti hiyo ndiyo humshtua aliyelala. Kwa hiyo sauti ya wastani yatosha.

Chukua chumba cha mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, chenye dirisha la barabarani. Weka spika mezani upande wa dirisha, mita 1 au 2 kutoka kichwani. Kwa mtoto mchanga, mita 2 au zaidi. Usiifunike kwa mto, hasa ikiwa kwenye chaji, maana itapata joto. Anza na sauti ya chini kabisa, pandisha mpaka honi isikike bila ukali, kisha acha hapo. Programu ya simu ya kupima desibeli, simu ikiwa juu ya mto, isome chini ya 50 hivi. Huna programu? Semeni kwa sauti ya kawaida mkiwa kitandani. Mkilazimika kuipaza, punguzeni ya spika.

Kipima muda cha dakika 45 huwafaa wengi, lakini chagua kinachofifisha sauti taratibu: kimya cha ghafla nacho huamsha. Pikipiki zikipita hadi alfajiri, afadhali mvua iendelee, kwa sauti ndogo zaidi.