Ramani haikudanganya, pini ndiyo ilikaa vibaya

Juzi nimeambiwa tena, na dereva aliyekaa kwenye usukani miaka mingi kuliko mimi: "Hizo ramani zenu ni waongo tu." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, kwa hiyo naliandika. Kazi yangu ni kuwafundisha madereva wa teksi kutumia simu, na aliyenifungua macho mimi mwenyewe ni mzee mmoja aliyenijia akiwa hajui hata kukuza ramani kwa vidole viwili.

Kitone cha bluu, kile kinachoonyesha ulipo kwenye ramani, hakikumsumbua, siku mbili akakizoea. (Na jamani, kitone hicho hakili bando! Simu inapokea tu mawimbi ya satelaiti, angalau nne, bure kabisa. Bando linaliwa na michoro ya ramani na habari za foleni. Pakua ramani ya eneo lako mapema, yaishe.) Programu ya kuita teksi nayo aliishika haraka: ombi linaingia, unalikubali, unakwenda. Kilichomshinda ni kumpata abiria. Anafika, anabonyeza "nimefika", haoni mtu, na abiria naye anamngoja upande wa pili akikasirika, mpaka safari inaghairiwa.

Hapa ndipo watu wanaposema ramani inadanganya. Hebu tulia kidogo. Pini ya kuchukulia, ile alama ya mahali abiria anapongojea, mara nyingi huwekwa na simu ya abiria yenyewe. Mahali pa wazi simu hukosea mita 5 hivi, lakini ndani ya jengo au katikati ya maghorofa mawimbi yanagonga kuta kwanza, na kosa linaweza kufika makumi ya mita. Kisha programu hutafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini, na huko ndiko inakompeleka dereva. Jengo likiwa na barabara mbele na nyuma, mita chache tu zinatosha kukutupa uchochoroni. Ramani imekufikisha pale pale ilipoambiwa.

Na dalili inaonekana kabla hujang'oa gari. Kuza ramani, tazama mstari wa njia unaishia wapi na pini imekaa wapi. Pini ikiwa katikati ya jengo, piga simu. Ila usiulize "uko wapi?", maana atakujibu "nipo hapa nje", na nje ziko nyingi. Mzee alijitungia swali lake mwenyewe, nami nimemwibia: "Mbele yako unaona nini?"

Alilitumia kwa mama mmoja aliyekuwa akitoka kusafishwa damu, tiba ya mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi kwenye mashine. Ukitoka pale miguu haina nguvu. Pini ilikuwa imeangukia nyuma ya jengo, kwenye ukuta usio na geti.

"Samahani mama, mbele yako unaona nini?"

"Naona kibanda cha mlinzi, baba, na mti mkubwa."

Akajua. Akazunguka, akamkuta amekaa kwenye benchi chini ya mti. Walipofika nyumbani kwake, mzee aliomba ruhusa amwonyeshe jinsi ya kuiburuta pini hadi kwenye geti la kule anakotibiwa na kupahifadhi mahali hapo. Tangu siku hiyo dereva yeyote anayeitwa anafika kwenye kibanda cha mlinzi. Kwa maneno mengine, mzee aliwarahisishia kazi washindani wake, na mama akamtaka yeye.

Kumpata yeye sasa ndiyo kazi. Kwa kawaida programu haiangalii unampenda nani, inaangalia hasa nani atafika upesi. Hata kuagiza safari mapema hakukuhakikishii dereva yule yule. Mzee alianza kuegesha karibu na lile geti saa za kutoka, na mara nyingi ombi lilimwangukia, mara nyingine likachukuliwa na kijana aliyekuwa karibu zaidi. Baadaye mama akaomba namba, na wagonjwa wenzake wawili nao wakaomba.

Hapo sina jibu safi. Leseni ya teksi anayo, wateja wa simu alikuwa nao kabla ya programu. Lakini kampuni nyingi zinakataza kumhamisha abiria waliyekuletea, na safari ya nje ya programu haiachi kumbukumbu kwao likitokea la kutokea. Darasani nawaambia wafuate masharti. Kisha namfikiria yule mama kwenye benchi, sauti inanipungua.

Yule wa juzi nilimwomba simu yake nione safari iliyomkera. Mstari ulikuwa umeishia kwenye ukuta, pini katikati ya jengo. Nikamuuliza kama alimpigia abiria.

"Nilipiga honi," akasema.