Kumchunguza mpangaji asiye na hati ya mshahara

Kumchunguza mpangaji ni kujiridhisha, kabla hujampa funguo, kwamba ndiye anayesema ndiye, na kwamba kodi ya mwezi wa nne ataipata kama alivyoipata ya mwezi wa kwanza. La kwanza ni jepesi: kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakotoka, na simu kwa mwenye nyumba wake. Mimi humtafuta yule wa kabla ya huyu wa sasa. Wa sasa huenda anataka aondoke upesi, kwa hiyo atamsifia.

La pili ndilo linalotushinda hapa Tanga. Nina vyumba vinne Ngamiani, na sijawahi kupata mwombaji mwenye hati ya mshahara. Wengi wetu tunakimbilia kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, tukidhani huo ndio uchunguzi. Nilishaumia hapo. Kijana alilipa sita bila kubabaika, kumbe ameuza pikipiki yake ya bodaboda. Mwezi wa saba hakuwa na pikipiki wala kodi. Fedha ya mkupuo inaonyesha kwamba mtu alipata mara moja, haionyeshi kwamba anapata.

Mwaka huu alikuja mama mmoja muuza vibua vya kukaanga, akitaka chumba na sebule cha 90,000 kwa mwezi. Nikamuuliza kipato. "Kaka, mie siku moja nashika laki na sabini." Hakudanganya, ila alinitajia mauzo. Fedha inayopita mkononi si fedha inayobaki, na hapo ndipo wenye nyumba wengi hupotea.

Tukakaa barazani tukahesabu. Vibua hununua soko la samaki la Deep Sea alfajiri, 120,000. Mafuta 14,000, kuni 6,000, bajaji 4,000, ushuru na mifuko 2,000. Akishika 170,000, mkononi hubaki 24,000. Namna alivyojibu nayo ilikuwa ushahidi: bei ya ndoo ya mafuta aliitaja kabla sijamaliza swali. Anayebuni biashara hutaja mauzo haraka, kisha hukwama kwenye gharama.

Swali linalofuata ni siku ngapi. Vibua huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mwanga wa taa hauwavuti samaki vizuri, mashua nyingi hutulia na bei hupanda. Kwa hiyo hapati siku 30. Alisema siku nzuri ni kama 18, na nyingine sita hukaanga chochote kinachopatikana, hubakiwa na 7,000 hivi. Hiyo ni 432,000 na 42,000, jumla 474,000. Nikakata 50,000 za samaki waliovunda na wateja wa mkopo, zikabaki 424,000.

Hesabu ya mdomo inahitaji kitu cha kuipima. Nilimwomba afungue mwenyewe, kwenye simu yake, taarifa ya miamala ya miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi, maana una mbalamwezi moja tu, na mara moja haithibitishi kitu. Picha iliyopigwa kwenye skrini siipokei, hurekebishwa kirahisi, na nakala sibaki nayo, maana ni siri zake. Jumla ya fedha zilizoingia sikuijali sana. Fedha ileile huingia na kutoka mara kumi. Nilitazama mambo mawili: kama malipo kwa wachuuzi wa Deep Sea yanapungua kila mbalamwezi, na kama salio linaokolewa na mkopo wa simu wa Songesha kila wiki. Malipo yalipungua siku zilezile alizosema. Songesha alikopa mara mbili tu, akarejesha.

Taarifa hiyo ina mpaka wake. Wateja wake wengi hulipa taslimu, kwa hiyo simu huonyesha nusu ya maisha yake. Nusu nyingine niliipata kwa kijumbe, mkusanyaji wa mchezo wao wa kuchangiana fedha. Kwa ruhusa yake nilimpigia, nikauliza neno moja: amewahi kuruka? Hucheza 5,000 kila siku ya kazi, na kwa mwaka mzima alichelewa mara moja, alipouguza mtoto, akalipa kesho yake. Kwangu hilo lina uzito kuliko hati ya mshahara, kwani hati husema mtu analipwa, haisemi analipa.

Kipimo changu ni kodi isizidi theluthi ya kinachobaki. Mchezo humla 120,000 kwa siku 24. Nikiutoa, zinasalia 304,000, na theluthi yake ni 101,000 na ushee. 90,000 inapita, kwa nafasi ndogo. Kama chumba kingekuwa cha 120,000 ningemwambia hapana, hata angekuja na ya mwaka mzima.

Tulikubaliana alipe miezi mitatu kuanzia, kisha mwezi kwa mwezi, na tarehe ya kulipa tukaifunga kwenye giza, siku zisizo na mbalamwezi ambapo vibua hupatikana, badala ya tarehe moja ya kalenda. Dalali aliposikia alicheka. Mpaka sasa ameshalipa mara tano.