Sigara haivurugi hesabu ya hewa ya kila siku

"Wanaolazwa Kampala kwa kukosa pumzi ni wavuta sigara; mtasemaje ni hewa chafu?"

Utafiti wa mfululizo wa siku haulinganishi mtu na mtu. Unalinganisha jiji lilelile, leo na juzi. Wavutaji hawaongezeki Jumanne wakapungua Alhamisi, kwa hiyo sigara haiwezi kueleza kwa nini waliolazwa walizidi siku ambazo PM2.5, yaani chembe ndogo sana za uchafu hewani, zilipanda. Kinachopotosha ni kile kinachobadilika pamoja na hewa: kiangazi, joto, mafua, hata kalenda. Tuseme Jumapili wamelazwa 20 na Jumatatu 30, magari nayo yamerudi barabarani. Huenda wagonjwa walisubiri tu wikendi iishe. Ndiyo maana Jumatatu hulinganishwa na Jumatatu nyingine za msimu uleule, tena kwa kuangalia chembe za siku chache zilizotangulia, kwani mapafu huchelewa kulalamika.