Tafsiri bunifu: kapsheni na reli zinapovuka lugha

Kapsheni ni yale maneno machache yanayokaa chini ya picha mtandaoni. Reli ni alama ya #, ile ile tunayobonyeza tukiangalia salio la simu, ambayo mitandaoni hutangulia neno ili posti zote zenye neno hilo zikusanyike pamoja. Aliyependekeza itumike hivyo Twitter ni Chris Messina, Agosti 2007. Kwetu Kigoma, mji uliofikiwa na reli ya kati mwaka 1914 na unaoitwa mpaka leo mwisho wa reli, utani umejileta wenyewe, kwa kuwa hata kwenye kapsheni reli huwekwa mwisho.

Tafsiri bunifu ni kazi ya kupeleka kapsheni ya namna hiyo kwenye lugha nyingine kwa kuiunda upya. Kinachobaki ni kazi yake: imchekeshe au imvute nani, afanye nini, kwa urefu gani. Maneno yenyewe yanaweza kubadilika yote. Tafsiri ya kawaida inaulizwa kama imesema kilichosemwa. Hii inaulizwa kama msomaji wa Kiswahili amefanya kile ambacho msomaji wa lugha ya kwanza angefanya: ametabasamu, amekumbuka, amegusa picha.

Tuchukue mfano mmoja tuutembeze mpaka mwisho. Tuseme nyumba ya wageni iliyo ufukweni hapa Kigoma imeletewa kapsheni ya Kiingereza, Lake it easy, iliyoandikwa kwa ajili ya watalii, na sasa inatakiwa ya Kiswahili kwa wageni wa Dar es Salaam, Mwanza na Tabora. Utani wa Kiingereza umekaa kwenye herufi moja tu. Ondoa L weka T, unapata msemo wa kawaida wa kumwambia mtu atulie. Silabi ni nne, na ziwa limo ndani yake.

Rasimu ya kwanza ambayo wengi wangeitoa ni "Pumzika ziwani bila haraka." Haina kosa la sarufi, wala hakuna atakayeikumbuka. Hesabu mizani yake: pu-m-zi-ka, zi-wa-ni, bi-la, ha-ra-ka. Ni 12, lakini hakuna mahali inapokatika katikati ulimi ukapumua. Na utani umekwisha kabisa, kilichobaki ni ushauri wa daktari.

Wa pili atasema tucheze na neno ziwa lenyewe, kwa kuwa ndilo lililochezewa kule. Hapo pana mtego. Ziwa ni hili la maji, na ziwa ni titi. Wingi wake ni maziwa, ambayo pia ni ya kunywa. "Karibu ziwani" haina shida, kwa sababu -ni ya mahali inalibana neno libaki na maana moja. Lakini ukiandika "Lipende ziwa letu" chini ya picha ya mabinti wanaoogelea, maoni yatakayofuata hapo chini utayafuta wewe mwenyewe usiku kucha. Kwa hiyo utani wa Kiingereza ulikaa kwenye neno ambalo kwa Kiswahili halikaliki. Lazima uhamie kwenye neno lingine.

Huu ndio moyo wa kazi. Unaacha neno, unauliza utani ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa unachukua jina la mahali na kuliingiza ndani ya kitendo cha kutulia. Basi tafuta jina la mahali ambalo kwa Kiswahili lina kitendo ndani yake. Ziwa letu linaitwa Tanganyika, na sikio la Mswahili linasikia humo "tanga", yaani kuzurura bila kituo, ambalo likirudiwa linakuwa tangatanga. Sisemi kwamba jina la ziwa limetokana na hapo. Utani hauhitaji cheti cha asili, unahitaji sikio tu. Na kinyume cha kutangatanga ni kutua: ndege hutua, msafiri hutua, mtu hutua mzigo. Weka pamoja:

Umetangatanga? Tua Tanganyika.

Hesabu tena. U-me-ta-nga-ta-nga, sita. Tu-a Ta-nga-nyi-ka, sita. Mizani ni 12 kama ile rasimu ya kwanza, ila sasa zimegawanyika sawa kwa sawa, kama ukwapi na utao wa mstari wa shairi. Mkazo wa Kiswahili unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi unagonga "ta" upande wa kwanza na "nyi" upande wa pili, kisha kila upande unafungwa kwa irabu ile ile. Mwenye duka la kanga angelielewa hili bila darasa, kwa sababu jina la kanga nalo huandikwa fupi na kwa mizani, lisomwe mara moja likiwa linapita njiani.

Kuhusu urefu, Kiswahili kinasingiziwa. Ni kweli kwamba kapsheni ya Kiingereza ina herufi chache kuliko yetu. Lakini "umetangatanga" ni neno moja lenye mtendaji, wakati na kitendo ndani yake, kazi ambayo Kiingereza kingeigawa kwa maneno matatu au zaidi. Kapsheni zetu huvimba kwa sababu ya viunganishi: "ambao", "kwa ajili ya", "ili kuweza", na mnyororo wa "ya" na "wa" ambao aghalabu umekuja na sentensi ya Kiingereza. Vitoe, na kitenzi chenyewe kitabeba mzigo. Yetu, pamoja na alama zake na nafasi, ina herufi 30, na inasomeka yote kwenye simu kabla mtandao haujaificha nyuma ya neno la "zaidi".

Sasa reli yake. Kishawishi cha kwanza ni #Tanganyika, na ni kibaya. Neno hilo linabeba ziwa, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mabishano ya muungano, na jimbo la Tanganyika huko Kongo ambalo makao yake ni Kalemie. Picha ya kitanda chako cha ufukweni itazama humo. Kishawishi cha pili ni #Tangatanga, na hicho ni kibaya zaidi, kwani Kenya neno hilo lilikuwa jina la kambi ya kisiasa iliyomuunga mkono William Ruto kabla ya uchaguzi wa 2022. Mgeni akiligusa hatakutana na ziwa. Hakuna njia ya kuyajua haya kwa kukaa na kufikiri. Unaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, unaona nani amekutangulia na anaongea nini. Kwa hiyo tunabaki na:

#TuaTanganyika

Zile herufi kubwa mbili zina kazi. Mtandao wenyewe haujali kubwa na ndogo, utakusanya zote pamoja. Anayejali ni jicho. Maneno ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu na mengi yanaanza na viambishi vinavyofanana, kwa hiyo yakiunganishwa mipaka inapotea. Andika #tuatanganyika, na mtu anayepitisha kidole haraka anaweza kusoma "tutatanga nyika", yaani tutazurura porini, kinyume kabisa cha ulichomaanisha. Tena programu zinazowasomea wasioona zinategemea herufi kubwa hizo ili kutenganisha maneno. Bila hizo zinaweza kutamka bonge moja lisiloeleweka.

Kuna tatizo jingine la reli ambalo Waingereza hawanalo kwa kiasi chetu, nalo linaikera sana Kigoma. Reli inakubali herufi, tarakimu na mstari wa chini. Ikikutana na nafasi, kistari au ritifaa, inakatika. Na neno ambalo mji huu hauwezi kuishi bila hilo ni ng'ambo, kwa maana ya upande ule wa pili wa ziwa, kwenye milima ya Kongo. Ukiandika #Ng'amboYaZiwa, kinachogeuka kuwa rangi ya kiungo ni #Ng peke yake, na mabaki yote yanakuwa maandishi ya kawaida. Ndivyo unavyotambua: angalia rangi inaishia wapi kabla ya kuituma. Ng'ombe, ng'aa na ng'ara nazo zinakumbwa na hilo hilo. Wengi hudondosha ritifaa na kuandika #NgamboYaZiwa. Mimi naona inavumilika, mradi ndani ya kapsheni yenyewe ritifaa ibaki, maana pale hakuna kinachokatika na kuidondosha ni uvivu tu. Kama jina la bidhaa yako bado hujalichagua, basi chagua lisilo na ng'.

Na je, wageni wa Bujumbura wanaosoma Kifaransa, au wale watalii wa Kiingereza? Kapsheni unaiunda upya kwa kila lugha, kila moja na utani wake. Watalii waachie ile ya kwanza. Reli usiiguse. Ikitafsiriwa, picha zako zinagawanyika makundi matatu yasiyojuana, wakati jina la ziwa linafahamika pande zote za maji.

Vina ni suala dogo kuliko watu wanavyodhani. Kiswahili kinatoa vina bure, hasa kwa -ni ya mahali, na kwa sababu ni vya bure vinachosha haraka. Vinafaa pale tu ambapo pande mbili zinagongana kimaana. Kwa muuza dagaa wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, aliyeona tangazo la Kiingereza la kutoka ziwani hadi kwenye sahani, ningempa hii:

Usiku ziwani, mchana mezani.

Sita kwa sita tena. Usiku na mchana vinapingana, ziwani na mezani vinafungana. Pia imechukua kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa gizani mwezi ukiwa haupo, na kuletwa mwaloni alfajiri. Mtu wa Kigoma anaona karabai humo bila kutajiwa. Lakini hiyo ni ya dagaa wabichi. Akiibandika kwenye mfuko wa dagaa waliokaushwa mchangani na kupakiwa kwa safari ya Dar es Salaam, imekuwa uongo wenye mizani, na mteja wa kwanza atamwambia hivyo hadharani.

Jaribio ninaloliamini ni moja. Msomee kapsheni mtu ambaye hajaiona ile ya Kiingereza, kwa sauti, bila kumwonyesha picha, halafu muulize inauza nini. Akisema "mahali pa kupumzika, ziwani", imefika. Akiuliza "ulikuwa unatafsiri nini?", rudi kwenye rasimu.