Kadi ngapi za kanban? Makosa ya hesabu katika karakana ya wilibaro

Tuchukue karakana ndogo ya Nakuru inayounga wilibaro 24 kwa siku ya saa nane, nyingi zikienda Njoro na Molo. Mpaka sasa fundi wa kupinda mabomba amekuwa akipinda tu na kusukumia mbele kwa waungaji, ndiyo maana miguu ya wilibaro imejaa hadi mlangoni ilhali fremu zinakosekana. Mwenye karakana ameamua kugeuza mambo. Kila kreti ya miguu itakuwa na kadi, na fundi atapinda pale tu kadi inapomrudia; utaratibu huu wa kadi ndio unaoitwa kanban. Swali la kwanza huwa ni idadi ya kadi, na hapo ndipo wengi hukosea. Tutafuata miguu peke yake, kwa kuwa kosa likieleweka kwenye miguu litaeleweka kwenye fremu na ekseli pia.

Dhana: Hesabu kreti zilizopo sakafuni, kila moja ipewe kadi.

Ukifanya hivyo umeupa mrundo wa zamani ruhusa ya kudumu. Idadi ya kadi hutokana na vitu vitatu: waungaji wanatumia miguu mingapi kwa saa, kadi inachukua muda gani kuzunguka, na kreti inabeba miguu mingapi. Juu yake unaongeza akiba kidogo:

N = D × L × (1 + A) ÷ C

Wilibaro moja ina miguu miwili, kwa hiyo waungaji 'wanakula' miguu 48 kwa siku, yaani 6 kwa saa. Hiyo ndiyo D. Kreti inabeba 12, nayo ndiyo C. Akiba, yaani A, tuiweke asilimia 10. Imebaki L, muda wa kadi kuzunguka, na hiyo ndiyo inayosumbua.

Dhana: L ni muda wa kutengeneza kreti moja.

Fundi akiulizwa atajibu "saa moja", na hadanganyi: kupinda na kuchomelea miguu 12 kunamchukua saa moja. Ukiiweka hiyo saa moja kwenye hesabu unapata 6 × 1 × 1.1 ÷ 12, yaani 0.55, nawe unachapisha kadi moja. Kreti ya miguu 12 huisha kwa saa mbili. Kazi ikianza saa mbili, ikifika saa nne asubuhi waungaji wanakaa wakisubiri, na kufikia mchana mtu atasema kanban haifai huku kwetu.

L inahesabiwa kuanzia dakika kadi inapong'olewa kwenye kreti hadi kreti iliyojaa inaporudi rafuni. Ifuate kadi kwa miguu yako. Inakaa kibaoni saa moja kabla ya kuchukuliwa. Inasubiri saa mbili kwa mpindaji, maana yuko kwenye fremu. Kubadilisha kalibu ni nusu saa, kupinda na kuchomelea saa moja, rangi na kukauka saa tatu, kurudishwa rafuni nusu saa. Jumla ni saa nane, na katika hizo kazi yenyewe ya kupinda na kuchomelea ni saa moja tu.

Usimwombe mtu akukisie. Bandika kipande cha karatasi kwenye kadi, kila anayeipokea aandike saa, na ufanye hivyo kwa mizunguko kumi. Ukikuta mingi ni saa nane lakini miwili ni kumi na moja, tafuta kilichoichelewesha hiyo miwili kabla ya kuchapisha kadi.

Sasa hesabu inakuwa 6 × 8 × 1.1 ÷ 12 = 4.4. Hakuna kadi ya nusu, kwa hiyo unapanda hadi 5. Kadi tano ni miguu 60, wakati mahitaji ya saa nane ni 48. Ulidhani umeweka akiba ya asilimia 10, kumbe kukamilisha namba kumekupa 25. Kreti ikiwa kubwa, hilo pengo nalo linaweza kukua.

Dhana: Haijalishi kadi inang'olewa lini, mradi irudi.

Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi, na halionekani kwenye karatasi. Hesabu yetu inadhani mwungaji anang'oa kadi anapochukua mguu wa kwanza kutoka kwenye kreti na kuitundika hapo hapo. Akifanya hivyo, kreti yake ya kwanza ikifunguliwa saa mbili asubuhi, kadi yake inarudi na kreti iliyojaa saa kumi jioni. Kreti nyingine nne zinafunguliwa saa nne, sita, nane na kumi. Inayofuata itahitajika saa kumi na mbili tukiendelea kuhesabu saa za kazi mfululizo, kwa hiyo una saa mbili za kupumulia.

Mwungaji mwingine anaona ni nadhifu zaidi kungoja kreti iwe tupu ndipo ang'oe kadi. Kadi ile ile sasa inatoka saa nne na kurudi saa kumi na mbili, dakika ile ile inapohitajika. Zile saa mbili zimeyeyuka, na hakuna aliyebadilisha idadi ya kadi. Kama karakana inapenda utaratibu wa kreti tupu ni sawa, lakini iongeze kadi moja. Kibaya ni benchi moja kung'oa mwanzoni na jingine mwishoni.

Dhana: Akiba itabeba kila tatizo.

Kadi tano zinavumilia kuchelewa kwa saa mbili, basi. Stima ikikatika kwa muda wa saa nne mashine ya kuchomelea ikanyamaza, miguu itaisha kama waungaji wanaendelea kwa spana. Anayetaka kuvumilia saa nne anahitaji kreti mbili juu ya zile nne za msingi zinazobeba miguu 48, yaani kadi sita, na aamue hivyo akijua gharama yake.

Rangi nayo inataka jicho. Wakati wa masika, au baridi ya Julai, ikikauka kwa saa tano badala ya tatu, L inakuwa saa kumi: 6 × 10 × 1.1 ÷ 12 = 5.5, yaani kadi sita. Hiyo ya sita iwe ya rangi tofauti, ili jua likirudi iondolewe bila mabishano.

Dhana: Mfumo ukianza, fundi asikae bila kazi.

Siku ya kubadilisha, tuseme kuna miguu 170 sakafuni. Sitini inaingia kwenye kreti tano zenye kadi. Iliyobaki, 110, haina kadi na ndiyo inayotumika kwanza. Itachukua siku mbili na zaidi kuisha, na muda wote huo hakuna kadi ya miguu itakayomfikia mpindaji. Mwenye karakana akimwona amesimama, mkono utamwasha amwambie "pinda kidogo tu". Akisema hivyo amerudi kusukuma. Mpindaji apinde fremu zenye kadi, na kama hazipo asafishe kalibu na kupunguza ile nusu saa ya kuibadilisha.

Mizunguko ikitulia, angalia rafu. Kwa wiki mbili zisiposhuka chini ya kreti mbili zilizojaa, ondoa kadi moja, usiondoe mbili kwa mpigo. Na kila kadi iandikwe namba yake, 1/5 hadi 5/5, zihesabiwe kila asubuhi kabla ya kazi kuanza. Kadi ikianguka nyuma ya benchi hakuna kengele inayolia: zinabaki nne, zile saa mbili za kupumulia zimekwisha, na utajua tu pale mwungaji atakapogeuka rafuni akute hakuna kitu.