Mfumo wa mishahara na leja kuu: kwa nini hesabu inabalansi na bado imekosea

Watu wengi wakisikia "kuseti mishahara kwenye mfumo" wanadhani ni kuingiza majina na mishahara ya watu basi, kumbe kazi yenyewe ni muundo wa mshahara. Muundo ni orodha ya vipengele: mshahara wa msingi, posho ya nyumba, NSSF, PAYE, bodi ya mikopo (HESLB) n.k. Kila kipengele kina vitu viwili, fomula inayosema kiasi kinapatikanaje, na akaunti ya leja inayosema hicho kiasi kinaenda kukaa wapi. Ukikosea kimojawapo mfumo haupigi kelele, na ndo maana nimeandika hii.

Tuchukue mfanyakazi mmoja Tanzania bara, mshahara wa Machi 2024. Msingi 1,000,000, posho ya nyumba 200,000, jumla 1,200,000. NSSF yake 10% ni 120,000, na hii inatolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Kwa viwango vya Julai 2021, anayezidi milioni moja analipa 128,000 na 30% ya kilichozidi, hapo PAYE inakuwa 152,000. HESLB ni 15% ya mshahara wa msingi tu, sio jumla, yaani 150,000. Mkononi anabaki na 778,000.

Kwenye mfumo fomula zinakaa hivi, kwa mtu wa daraja hilo la juu:

```
NSSF  = gross_pay * 0.10
PAYE  = 128000 + (gross_pay - NSSF - 1000000) * 0.30
HESLB = base * 0.15
```

Angalia mpangilio. Kuna mifumo inayosoma mistari kutoka juu kwenda chini, sasa ukiweka PAYE juu ya NSSF, wakati inahesabu kodi inaona NSSF bado ni sifuri na PAYE inatoka 188,000. Mfanyakazi kakatwa 36,000 zaidi (ndo 30% ya ile 120,000) na slipu inaonekana safi kabisa, mpaka mtu akae na kikokotoo.

Halafu kuna upande wa mwajiri ambao kwenye slipu hauonekani na ndo unaosahaulika sana: NSSF nyingine 120,000, SDL yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyokuwa 3.5% ya jumla mwaka 2024, ambayo ni 42,000 (kama mna wafanyakazi kumi au zaidi), na WCF yaani mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, 0.5% ambayo ni 6,000. Kwa hiyo gharama halisi ya huyu mtu ni 1,368,000, na hiyo ndo inatakiwa iingie debiti kwenye gharama. Krediti inagawanyika kwenye akaunti za madeni: NSSF 240,000, PAYE 152,000, HESLB 150,000, SDL 42,000, WCF 6,000 na mishahara ya kulipa 778,000. Jumlisha utapata 1,368,000 ileile.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Tuseme kipengele cha HESLB umekiunganisha na akaunti ya mikopo ya wafanyakazi, debiti na krediti bado zitalingana. Ukisahau NSSF ya mwajiri pande zote mbili, zitalingana pia. Kubalansi kunathibitisha tu kwamba pande mbili ni sawa, hakusemi hela iko akaunti sahihi wala kiasi ni sahihi.

Kwa hiyo usilinganishe jumla kwa jumla, linganisha akaunti moja moja. Chukua ripoti ya mishahara ya mwezi, chukua salio la kila akaunti ya deni tarehe 31 Machi. PAYE na SDL mwisho wa kulipa ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, hivyo kama Februari ililipwa yote, salio la PAYE siku hiyo lazima liwe sawasawa na PAYE ya Machi, hata shilingi isizidi. Ukishalipa Aprili deni la Machi linafutika, linabaki la Aprili tu.

Salio lisipokubali, ukubwa wake unakupa dalili. NSSF ikibaki upande wa debiti kwa 120,000 baada ya kulipa 240,000, sehemu ya mwajiri haikupostiwa. Deni likiwa mara mbili kamili, mwezi umepostiwa mara mbili. HESLB ikiwa debiti ya 150,000 baada ya kulipa, wakati mkopo wa ndani wa mfanyakazi umepungua kwa kiasi hichohicho, kipengele kimeunganishwa na akaunti isiyo yake. Kama salio halifanani na namba yoyote ya kwenye ripoti, tafuta ingizo la mkono, mara nyingi mtu alirekebisha mshahara moja kwa moja kwenye leja bila kugusa mfumo wa mishahara.

Na ukishapata kosa rudi urekebishe kwenye muundo, futa posti ya mwezi huo, endesha upya. Ukilifuta salio kwa ingizo la mkono tu, mwezi ujao fomula au akaunti ni ileile na tofauti inarudi ilivyo.